Kuondoa Dirisha la Kuteleza Relini Bila Kupinda Rola

Madirisha ya alumini ya kuteleza sasa yamo katika nyumba nyingi za kupanga, maduka na ofisi za kaunti. Katika maeneo ya Pwani, mchanga na hewa ya chumvi huingia kwenye reli, na baada ya miaka michache dirisha huanza kukwama. Mkazi hulisukuma kwa nguvu, kisha siku moja humwita fundi alitoe lirekebishwe. Mara nyingi rola, yaani vile vigurudumu vya chini, hupinda siku hiyo ya kulitoa, na wala si katika miaka yote ya kulifungua na kulifunga. Makala hii inaeleza kwa nini hali huwa hivyo, na jinsi dirisha linavyotolewa na kurudishwa rola zikiwa salama.

Mfano wa Likoni

Mfano tutakaoufuata ni wa chumba cha kupanga kwenye ghorofa ya tatu huko Likoni. Dirisha lina mabawa mawili ya kioo, na kila bawa lina upana wa sentimita 70 na urefu wa sentimita 110. Bawa la upande wa chumbani limekuwa zito. Likisukumwa husugua chini, hutoa unga mweusi kwenye reli, na karibu na katikati huruka kidogo kama linapita juu ya kokoto. Chini ya dirisha hilo kuna kichochoro ambacho watoto hupita wakienda shule.

Mama mwenye chumba alikuwa amejaribu kulitoa mwenyewe. Aliingiza bisibisi chini ya pembe moja, akaibenua juu. Pembe ilipanda kidogo, ya pili ikabaki relini, na bawa likakwama likiwa limeinama. Akaliachia, likarudi kwa kishindo. Tangu hapo likawa zito kuliko mwanzo.

Fundi alipofika alimuuliza, "Mama, ulilibenua upande gani?"

"Huu wa kulia, fundi. Lilikataa kabisa."

"Basi rola ya kulia ndiyo tutakayoitazama kwanza."

Kwa nini rola hupinda

Ndani ya fremu ya chini ya bawa mna rola mbili, moja karibu na kila pembe. Kila rola ni kigurudumu chenye mfereji katikati na kingo mbili pembeni. Mfereji hukalia mgongo wa reli, nazo kingo hukizuia kigurudumu kisitoke pembeni. Kigurudumu kimeshikwa na kibebeo chembamba cha bati au plastiki.

Kibebeo hicho kimetengenezwa kubeba uzito unaoshuka wima. Kioo chenye unene wa milimita 1 kina uzito wa kilo 2.5 kwa kila mita moja ya mraba. Bawa la Likoni lina kioo cha milimita 5 na eneo lisilofika mita 0.8 za mraba, kwa hiyo kioo peke yake ni karibu kilo 10. Pamoja na fremu, bawa zima ni kilo 12 hivi, na kila rola hubeba nusu yake. Huo si mzigo mkubwa.

Tatizo ni nguvu ya pembeni. Mtu akivuta sehemu ya chini ya bawa kuelekea chumbani kabla kingo za kigurudumu hazijapanda juu ya mgongo wa reli, kigurudumu kinabaki kimeshikwa na reli huku bawa likija kwake. Kibebeo ndicho kinachokunjika. Kwa hiyo kazi yote ya kulitoa dirisha inategemea sharti moja: rola zote mbili ziwe zimepanda juu ya reli kabla bawa halijavutwa upande wowote.

Kuinua pembe moja kunavunja sharti hilo. Pembe moja ikipanda, sehemu ya juu ya bawa huinama na kubana kwenye mfereji wa juu wa fremu, na rola ya upande wa pili hubaki relini. Mtu huhisi limekwama, huvuta, na rola iliyobaki chini hukunjika. Bisibisi nayo huleta hatari yake, kwani ncha yake ikigusa kigurudumu chenyewe hukisukuma na kukitoa kwenye mhimili wake.

Nafasi ya juu ndiyo siri ya kazi

Bawa haliwezi kupanda zaidi ya nafasi iliyopo kati ya kichwa chake na dari ya mfereji wa juu. Hapo ndipo wengi hukwama bila kujua sababu.

Katika mfano wetu, fundi alipima nafasi hiyo akaipata ni milimita 3. Kingo za rola zake zinashuka milimita 5 kupita mgongo wa reli. Bawa likiinuliwa hadi mwisho litapanda milimita 3 tu, na rola bado zitakuwa zimeishika reli kwa milimita 2. Kwa hali hiyo hata watu wanne hawawezi kulitoa bila kuharibu kitu.

Dawa yake ni skrubu ya kurekebisha rola. Madirisha mengi yana tundu dogo kwenye ubavu wa bawa, karibu na pembe ya chini. Wakati mwingine tundu hilo huzibwa na kifuniko kidogo cha plastiki, au hujaa vumbi na rangi. Ndani yake mna skrubu inayosukuma rola nje au kuirudisha ndani ya fremu. Rola zikirudishwa ndani kwa milimita 4, bawa zima linashuka milimita 4. Nafasi ya juu inakuwa milimita 7. Sasa milimita 5 zinazohitajika zinapatikana, na mbili zinabaki.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ya kulitoa dirisha ni kulishusha. Jambo hili humshangaza anayelisikia mara ya kwanza, lakini ndilo linaloamua kama rola zitatoka nzima.

Kabla ya kuinua

Fundi wa Likoni alianza kwa kumwomba msimamizi wa ploti aweke kamba na mtu kwenye kichochoro, ili pasiwe na anayepita chini wakati wa kazi. Kazi yenyewe hufanyiwa ndani ya chumba, na watu wawili wanahitajika. Siku yenye upepo mkali haifai, kwa sababu bawa likishatoka hugeuka kama tanga. Kioo chenye ufa hubandikwa kwanza mkanda wa gundi kwa njia ya msalaba pande zote mbili, ili kikivunjika vipande visitawanyike.

Kisha alisafisha reli kwa brashi kavu. Mchanga uliobanana pembeni mwa rola hulizuia bawa kupanda sawasawa, na maji yakimwagwa kabla ya kupiga brashi huufanya kuwa tope.

Baada ya hapo alitazama ndani ya mfereji wa juu. Madirisha mengi yana kipande kidogo cha plastiki au alumini kilichofungwa kwa skrubu ndani ya mfereji huo au juu ya bawa. Kazi yake ni kuzuia mwizi asiliinue dirisha kutoka nje, na kuzuia upepo usiliondoe relini. Bawa haliwezi kupanda mpaka kizuizi hicho kifunguliwe. Fundi alikifungua, akakitia pamoja na skrubu zake kwenye kikombe kimoja ili kisipotee. Dirisha likiwa na wavu wa mbu upande wa ndani, wavu huo hutolewa kwanza.

Kulitoa

Fundi alilisogeza bawa hadi likawa wazi nusu, mbali na kufuli na mbali na pembe zote mbili. Aliingiza bisibisi ya nyota kwenye tundu la kulia huku msaidizi akiinua kidogo ubavu huo kwa viganja ili kuipunguzia rola uzito. Kuzungusha skrubu huku uzito wote umekaa juu yake huila nyota ya skrubu, na skrubu iliyoliwa haiwezi tena kurekebishwa.

Alizungusha nusu mzunguko, akatazama nafasi ya juu. Katika rola nyingi kuzungusha kushoto hulishusha bawa, lakini zipo zinazofanya kinyume. Njia ya uhakika ni kutazama: nafasi ya juu ikiongezeka, huo ndio upande sahihi. Alihesabu mizunguko hadi skrubu ikalegea, akaandika idadi kwa penseli ukutani kando ya fremu. Akafanya hivyo upande wa kushoto. Idadi hizo humsaidia kulirudisha bawa karibu na kimo chake cha awali bila kubahatisha.

Ndipo watu wawili wakasimama, mmoja kila ubavu, mikono ikiwa chini ya katikati ya ubavu na wala si kwenye pembe. Fundi alihesabu hadi tatu na wote wakainua pamoja, wima, mpaka kichwa cha bawa kikagusa dari ya mfereji. Walitulia hapo. Fundi aliinama, akatazama kwa tochi kama rola zote mbili zimeachana na reli. Kutazama huku hakuchukui hata nusu dakika, lakini ndiko kunakoziokoa rola.

Alipoona mwanga kati ya reli na kila rola, walileta sehemu ya chini chumbani polepole, kama mlango unaofunguka kutoka chini. Ilipovuka fremu kabisa, walilishusha bawa ili kichwa chake kitoke kwenye mfereji wa juu.

Bawa halikusimamishwa juu ya rola zake. Kosa hili hufanyika mara nyingi: watu hulitoa dirisha kwa uangalifu, kisha huliegemeza ukutani likiwa limesimama kwa miguu yake, na uzito ulioinama huzipinda rola sakafuni. Fundi alililaza kwa ubavu wake mrefu juu ya blanketi lililokunjwa, akaliegemeza ukutani.

Likikataa kupanda

Wakati mwingine skrubu zimelegezwa, kizuizi kimeondolewa, na bado bawa halitoki. Hapo nguvu si jibu. Hupimwa umbali kutoka mgongo wa reli hadi dari ya mfereji wa juu katika sehemu tatu: kulia, katikati na kushoto. Ikiwa katikati ni pafupi kuliko pembeni, ukuta wa juu ya dirisha umeshuka na kuikandamiza fremu. Bawa husogezwa hadi sehemu yenye nafasi kubwa zaidi, na hujaribiwa hapo. Tofauti ikiwa kubwa, au kukiwa na nyufa ukutani juu ya dirisha, mwenye nyumba anapaswa kuarifiwa, kwa sababu kubadilisha rola hakutaondoa chanzo cha dirisha kukwama.

Yapo pia madirisha yenye rola zisizorekebishwa. Hayana tundu wala skrubu ubavuni. Hayo hutegemea kuinuliwa wima tu, na yalipofungwa mara ya kwanza fundi aliacha nafasi ya kutosha juu. Yakikwama, mara nyingi sababu ni kizuizi ambacho hakijaonekana, mchanga uliogandamana, au silikoni iliyopakwa ndani ya mfereji. Silikoni hukatwa kwa kisu chembamba.

Kilichopatikana ndani

Rola ya kulia ya dirisha la Likoni ilikuwa imeinama. Kigurudumu chake hakikuwa sambamba na fremu, na ukingo mmoja ulikuwa unang'aa kwa kusuguliwa huku mwingine ukiwa na vumbi. Hiyo ndiyo dalili ya rola iliyopinda. Rola iliyochakaa tu husimama wima, lakini hucheza kwenye mhimili wake au huwa na sehemu bapa. Unga mweusi uliokuwa relini ulikuwa alumini iliyosagwa na fremu baada ya bawa kuinama upande wa rola hiyo.

Kibebeo kilichokunjika hakinyooshwi kwa koleo. Bati jembamba likikunjwa na kunyooshwa hubaki dhaifu mahali palepale, nayo plastiki hupasuka. Fundi alizitoa rola zote mbili, akazipeleka dukani kama sampuli, kwa kuwa rola hutofautiana kwa urefu wa kibebeo na upana wa mfereji. Zote mbili zilibadilishwa pamoja. Rola mpya upande mmoja na kuukuu upande wa pili hulifanya bawa kuinama, na kubeba mzigo bila usawa.

Lile gongo la katikati lilikuwa kwenye reli. Mgongo wake ulikuwa umebonyea mahali pamoja. Fundi aliweka kipande cha mbao ngumu ubavuni mwa reli na kugonga taratibu kwa nyundo mpaka ukanyooka, kisha akalainisha kwa msasa laini. Alizibua pia matundu ya kutolea maji kwenye fremu ya chini, kwa sababu maji ya mvua yakikaa humo huozesha mihimili ya rola. Reli haikupakwa mafuta ya injini wala grisi, ambayo hushika mchanga. Reli hufutwa kwa kitambaa chenye unyevu na kuachwa ikauke. Kikihitajika kilainishi, hutumika kile cha silikoni cha kupuliza.

Kulirudisha

Kurudisha ni kufuata hatua zile zile kinyumenyume, rola zikiwa zimerudishwa ndani ya fremu. Kichwa cha bawa huingia kwanza kwenye mfereji wa juu na kupandishwa hadi dari. Sehemu ya chini husukumwa mpaka rola zikae juu kabisa ya mgongo wa reli, ndipo bawa hushushwa taratibu. Likiachiwa lidondoke hata sentimita moja, rola mpya zinaweza kupinda siku hiyo hiyo.

Skrubu huzungushwa kurudi kwa idadi iliyoandikwa, zamu kwa zamu, nusu mzunguko kila upande. Kisha bawa hufungwa hadi karibu liguse fremu ya pembeni, na mwanya huangaliwa kutoka juu hadi chini. Mwanya ukiwa mpana juu, bawa limeinama, na rola ya upande wa kufuli huenda iko juu mno. Mwanya ukiwa sawa kote, kufuli litaingia mahali pake bila kulazimishwa.

Hatua ya mwisho isisahauliwe kamwe: kizuizi cha juu hurudishwa. Bila kizuizi, bawa la ghorofa ya tatu linaweza kuinuliwa na upepo au mkono na kuangukia kichochoroni. Fundi alikifunga, akajaribu kuliinua bawa kwa mikono miwili likiwa limefungwa. Halikutoka. Hapo ndipo kamba ya kichochoroni ilipoondolewa.

Na mlango wa kabati je?

Sharti ni lile lile, lakini kwanza lazima ijulikane uzito umekaa wapi. Baadhi ya milango ya kabati hutembea juu ya rola za chini kama dirisha hili. Hiyo hutolewa kwa njia iliyoelezwa hapo juu, ukianzwa mlango ulio karibu zaidi na chumba. Mingine huning'inia kwenye rola za juu, na chini ina kishikizo kidogo tu cha kuuzuia usicheze. Kwa huo, kishikizo cha sakafuni hufunguliwa kwanza, sehemu ya chini huletwa nje kidogo, kisha mlango huinuliwa wima mpaka rola za juu ziachane na reli yake. Kuvuta chini kupita kiasi kabla ya kuinua huvipinda vibebeo vya juu.

Uzito wake pia si wa kudharauliwa. Kioo cha kujitazamia cha milimita 4 kwenye mlango wa sentimita 90 kwa sentimita 210 ni karibu kilo 19, bila kuhesabu mbao na fremu. Kazi hiyo ni ya watu wawili, na watoto wasiwe chumbani.

Mpangaji anashauriwa kumjulisha mwenye nyumba au msimamizi wa ploti kabla ya kulitoa dirisha au mlango, na kumwonyesha rola zilizotolewa. Rola iliyochakaa na rola iliyopindwa huonekana tofauti kama ilivyoelezwa, na tofauti hiyo inaweza kuamua ni nani atakayelipa.